Gari linaimba baada ya kuinuliwa springi: jinsi ya kupima na kurekebisha pembe za propela shafti

Pikapu ililetwa gereji kwetu Morogoro ikiwa na malalamiko ya maneno mawili tu. "Fundi, linaimba." Mwenye gari alikuwa ameinua springi za nyuma inchi 2 ili abebe mizigo bila tumbo kugusa matuta, na tangu siku hiyo, ikifika kilomita 70 kwa saa, sakafu inaanza kuvuma kama redio isiyoshika stesheni. Alikwisha kubalansi matairi mara mbili. Alikwisha badilisha krosi zote mbili, zile jointi za mbele na nyuma za propela shafti, bomba linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu. Mvumo ulibaki palepale.

Nililala chini ya gari dakika moja nikaona kosa. Gereji iliyoinua springi ilikuwa imeweka kabari za chuma chini ya springi ili pua ya difu itazame juu, ielekee gia boksi. Kwa macho inapendeza: shafti inaingia kwenye difu karibu moja kwa moja, krosi ya nyuma haijapinda. Mtu anadhani ameipunguzia krosi kazi. Kumbe ameiacha krosi ya mbele peke yake bila mwenzake wa kumsawazisha. Nitaeleza kwanza kwa nini hilo ni kosa, halafu hatua za kupima na kurekebisha. Ukizijua hatua bila sababu, siku moja utaweka kabari kinyume.

Krosi moja haizungushi sawasawa

Kama una shafti kuukuu yenye krosi, ifunge kwenye vaisi, ikunje krosi kiasi cha digrii 30 (nyingi makusudi, ili ionekane), kisha chora alama ya chaki kwenye pande zote mbili. Anza pale masikio ya yoki, yaani uma unaoshika krosi, upande unaouzungusha wewe, yanapolala kwenye bapa lilelile la mkunjo, yaani ukiangalia kutoka ubavuni ambako mkunjo unaonekana, sikio moja liko juu na jingine chini. Zungusha upande wako digrii 45 kamili. Upande wa pili hautakuwa kwenye 45, utakuwa umefika kama 49. Endelea hadi 90 na pande zote mbili zitakutana tena kwenye 90. Maana yake upande wa pili ulikimbia mwanzoni, halafu ukapunguza mwendo ukausubiri wako.

Sababu iko kwenye krosi yenyewe. Krosi ina mikono minne. Miwili imeshikwa na yoki inayoendesha, miwili na yoki inayoendeshwa. Kila yoki inalazimisha mikono yake izunguke ikiwa mraba na shafti yake. Lakini shafti mbili hazielekei upande mmoja, kwa hiyo krosi haiwezi kuwatii mabwana wawili kwa wakati mmoja. Inayumba katikati yao. Masikio ya yoki inayoendesha yakilala kwenye bapa la mkunjo, krosi nzima inasimama mraba na shafti inayoendesha, na shafti ya pili inakwenda kasi kuliko ya kwanza. Robo mzunguko baadaye krosi inasimama mraba na shafti ya pili, na sasa ile ya pili inakwenda polepole. Kwa kila mzunguko mmoja inakimbia mara mbili na kuzembea mara mbili. Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17 ambaye jina lake bado linatumika kwa jointi hii, alikwisha liona jambo hilo kabla injini haijabuniwa.

Hesabu yake ni fupi. Pembe ya mkunjo ukiiita B, kasi ya juu kabisa na ya chini kabisa ni hizi:

```
kasi ya juu  = kasi ya kuingia / cos(B)
kasi ya chini = kasi ya kuingia * cos(B)
```

Kwa digrii 3 tofauti kati ya juu na chini ni kama asilimia 0.3, hutaisikia. Kwa digrii 10 inafika asilimia 3. Kwa 30 inakaribia asilimia 29, ndiyo maana kwenye vaisi uliiona kwa macho. Angalia jinsi inavyopanda: pembe ikiongezeka mara mbili, tatizo linaongezeka karibu mara nne. Fundi anayesema "digrii mbili tatu si kitu" anasema kweli kama anatoka 1 kwenda 3. Akitoka 6 kwenda 9, gari litamkatalia.

Krosi ya pili inafanya kazi gani

Sasa shika jambo moja tu. Krosi ya mbele inapoipa shafti kasi ya ziada, masikio ya yoki ya gia boksi yamelala kwenye bapa la mkunjo. Kwa kuwa krosi ni msalaba, masikio ya yoki ya shafti wakati huohuo yamekaa kinyume, yaani yamelala pembeni. Shafti hiyohiyo inafika nyuma kwenye difu, na huko sasa yenyewe ndiyo inayoendesha. Kama yoki yake ya nyuma nayo imelala pembeni, sawasawa na ile ya mbele, krosi ya nyuma iko kwenye hali ya kupunguza. Mbele iligawanya kwa cos(B), nyuma inazidisha kwa cos(B). Pinioni ya difu, gia ndogo inayoingiza mzunguko ndani yake, inapata kasi ileile iliyotoka gia boksi, bila mkimbio wala uzembe.

Hapo ndipo masharti yote yanapotoka. Yoki mbili za shafti lazima zikae kwenye mstari mmoja, kwa sababu zikipishana robo mzunguko nyuma haitapunguza, itaongeza juu ya ongezeko. Pembe ya mbele lazima ilingane na ya nyuma, kwa sababu cos ya 6 haiwezi kufuta cos ya 1. Na mikunjo yote miwili iwe kwenye bapa moja. Difu ikiwa imevutwa kushoto sana huku gia boksi ikiwa kulia, hesabu hii rahisi haitoshi, ila kwenye pikapu za kawaida mkengeuko huo ni mdogo na nauacha.

Watu wengi huuliza kama lazima gia boksi na difu ziwe sambamba. Hapana. Zinaweza kuwa sambamba, shafti ikashuka kati yao kama herufi Z iliyovutwa. Zinaweza pia kutazamana kwa mwinamo sawa, kila moja ikiinamia shafti. Sharti ni pembe mbili sawa tu. Kwenye gari lenye springi za majani nyuma, mpangilio wa sambamba ndio utakaoukuta karibu kila mara.

Ile picha ya difu inayotazama gia boksi haikutoka hewani. Kuna shafti zenye krosi mbili zilizobanana upande wa gia boksi, na katikati yake kuna kipande kifupi chenye mpira wa chuma wa kuzilinganisha. Hizo zinajisawazisha zenyewe kule mbele, kwa hiyo krosi ya nyuma inatakiwa iwe karibu na sifuri, na pua ya difu inaelekezwa kwenye gia boksi. Mtu ameona gari la namna hiyo, akaiga kwenye gari lenye krosi moja kila upande.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni shafti

Kabla ya kupima chochote, hesabu mtetemo. Tairi la pikapu hii lina mzingo wa karibu mita 2.5, na difu yake ni ya 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja. Kwenye kilomita 80 kwa saa tairi linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde, na shafti karibu mara 36. Tairi bovu utalisikia kama usukani au kiti kinachogongwa taratibu. Unaweza karibu kuhesabu kwa midomo. Shafti isiyobalansiwa inatetemesha mara 36. Pembe mbaya ya krosi inatetemesha mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti, yaani kama mara 73 kwa sekunde, na hiyo haitetemeshi mkono, inavuma sikioni na kwenye nyayo. Kuna aplikesheni za simu za kupima mtetemo; ukiiweka simu sakafuni kati ya viti na ikaonyesha kilele karibu na 73, umekwisha pata jibu. Bila simu, angalia hili: mvumo wa pembe hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia, kwa kasi ileile. Mtetemo wa tairi haujali mguu wako.

Halafu shika shafti kwa mikono na uitikise karibu na kila krosi. Ikicheza, au sindano za beringi zimekauka na kutoa vumbi jekundu la kutu, badilisha krosi kwanza. Hakuna pembe itakayoponya krosi iliyokufa.

Hatua ya pili: mstari wa yoki

Tafuta splaini, pale shafti inapojivuta na kujirefusha. Huwa kuna mishale au alama mbili zinazotakiwa kutazamana. Mara nyingi zimefunikwa na grisi na tope, kwa hiyo safisha kwa brashi na dizeli. Kama hazipo, toa shafti, ilaze juu ya meza, zungusha hadi masikio ya yoki moja yalale bapa, kisha tazama ya pili. Nayo ilale bapa.

Usidharau jino moja. Splaini ya meno 16 ikikosewa jino moja imekosewa digrii 22.5, na kwa krosi zilizopinda digrii 7 mbele na nyuma, kosa hilo peke yake linaacha mtetemo sawa na wa krosi moja iliyopinda digrii 6 bila mwenzake. Nimeona gari likiingia gereji kwa kupakwa grisi tu likatoka linavuma, kwa sababu kijana aliichomoa splaini akairudisha ilivyomjia mkononi. Siku hizi kwetu hakuna shafti inayofunguliwa kabla ya kuchorwa alama ya rangi.

Hatua ya tatu: pima pembe tatu

Gari lisimame juu ya sakafu iliyonyooka, kwa matairi yake, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Tumia shimo, au weka magogo na ulale. Usipandishe bodi kwa jeki ukaiacha ekseli ikining'inia: springi zikinyooka, pembe zote unazosoma ni za gari lisilokuwepo. Zuia matairi kwa mawe pande zote, gia iwe huru, na tairi moja la nyuma liangaliwe na mtu.

Kipimo cha pembe chenye sumaku ndicho kizuri, lakini simu yenye aplikesheni ya kupima mwinamo inatosha ukiisoma mara tatu na matokeo yakakubaliana. Pima vitu vitatu, vyote kutoka ubavu uleule wa gari, na andika kila kimoja kinainama kiasi gani kuelekea nyuma:

Gia boksi. Bandika kipimo kwenye uso wa flenji ya kutokea. Uso huo umesimama wima, kwa hiyo unachosoma ni mwinamo wake kutoka wima, nao ni sawa na mwinamo wa gia boksi kutoka mlalo.

Shafti. Weka kipimo chini ya bomba lenyewe, mahali palipo laini, mbali na uzito mdogo wa kubalansi uliochomelewa.

Difu. Uso wa flenji ya pinioni, kwa namna ileile ya gia boksi.

Kisha toa. Shafti kutoa gia boksi ni pembe ya mbele. Shafti kutoa difu ni pembe ya nyuma. Kwenye pikapu yetu nilisoma gia boksi 4, shafti 10, difu 9. Mbele digrii 6, nyuma digrii 1.

Ili kujua mabaki, yaani pembe ambayo haikufutwa, ni makubwa kiasi gani, yoki zikiwa kwenye mstari, kuna njia ya kuzigeuza pembe mbili kuwa moja:

```
mabaki = sqrt(mbele*mbele - nyuma*nyuma)
```

Weka kubwa kwanza. Hapa ni mzizi wa 36 kutoa 1, yaani 5.9. Kwa maneno mengine, gari hili lilikuwa linaendeshwa kama lina krosi moja tu iliyopinda karibu digrii 6. Mabaki ya chini ya digrii 3 ndiyo yanayotafutwa. Kasi iliyofika kwenye pinioni ilikuwa inapanda na kushuka kama asilimia 1, na asilimia 1 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba matairi na tani mbili za gari haziwezi kukimbia na kuzembea mara 73 kwa sekunde. Kitu kimoja lazima kijipinde, na kelele yake ndiyo anayoisikia dereva.

Hatua ya nne: geuza difu, pima tena

Kwenye gari hili springi zimekaa juu ya ekseli, na kabari inakaa kati ya springi na kikalio chake. Kwa mpangilio huo, sehemu nene ya kabari ikiwa mbele, pua ya difu inashuka. Ikiwa nyuma, pua inapanda. Springi zikiwa chini ya ekseli mambo yanageuka, kwa hiyo simama kidogo ufikiri kabla ya kulegeza yuboliti.

Nilitoa zile kabari za digrii 4. Difu ikarudi kwenye 5. Lakini ona kilichotokea kwa shafti: pua iliposhuka, flenji ilishuka nayo kama sentimita 2, na mwinamo wa shafti ukaongezeka kutoka 10 hadi 11. Ndiyo maana hupimi mara moja ukabaki na hesabu ya kwanza. Sasa mbele ni 7, nyuma ni 6, mabaki 3.6. Afadhali sana, bado kidogo.

Jambo la mwisho ni springi zenyewe. Ukikanyaga mafuta, ekseli inajikunja kinyume na mzunguko wa tairi na pua ya difu inapanda digrii 1 hadi 2. Kwa hiyo ukiiacha 5 ikiwa imesimama, barabarani itakuwa 6 au zaidi, na pembe ya nyuma itapungua tena. Mafundi huiweka pua chini kidogo ya sambamba ili mzigo uinyanyue hadi mahali pake. Nikaweka kabari za digrii 2, nene mbele. Gari likiwa limesimama nilisoma difu 3 na shafti 11.5, yaani mbele 7.5 na nyuma 8.5. Pua ikipanda digrii 1 barabarani, zote mbili zinakutana karibu na 7 na robo.

Tumia yuboliti mpya kama za zamani zimevutika, kaza kwa kupishanisha kona, na mwambie mteja arudi baada ya kilomita mia chache zikazwe tena. Kabari ikae na tundu lake kwenye boliti ya katikati ya springi, isije ikachomoka njiani.

Kitu ambacho pembe sawa haziondoi

Mvumo wa kilomita 70 ulikwisha. Kwenye mteremko, akiachia mafuta, bado kuna sauti ndogo, na hiyo nilimweleza mapema: pua ikishuka bila mzigo, pembe zinapishana digrii 1 na mabaki yanakuwa kama 4. Ni sehemu ya bei ya kuiweka kwa ajili ya kupanda.

Lililobaki ni zito zaidi. Pembe sawa zinaisawazisha difu. Haziisawazishi shafti yenyewe. Bomba lililo katikati linaendelea kukimbia na kuzembea. Kwa digrii 7 na robo, kwenye kilomita 80, lilitakiwa kuzunguka 2,190 kwa dakika, nalo linapanda na kushuka kati ya karibu 2,173 na 2,208, mara 73 kila sekunde, na uzito wake wote unasukuma gia boksi na difu kwa zamu. Kwa hiyo kuna ukomo wa pembe hata zikilingana, na ukomo huo unashuka kasi inapopanda. Kwa kawaida shafti inayozunguka 2,500 kwa dakika haipitishwi digrii 7, na ya 5,000 hubaki karibu na 3. Pikapu hii inafika 2,500 kwenye kilomita 90 hivi. Nikamwambia mwenye gari: chini ya 90 uko salama, juu ya hapo unazila krosi.

Aliuliza basi kwa nini tusinyooshe kila kitu kiwe sifuri. Kwenye sifuri krosi haiyumbi, sindano za beringi hazibiringiki, zinakaa palepale zikigonga mahali pamoja mpaka zichimbe mistari kwenye mkono wa krosi. Ukiipapasa kwa ukucha utaisikia kama ngazi ndogo. Digrii moja hivi inatakiwa ibaki ili sindano zitembee na grisi izunguke.

Njia ya kupunguza ile 7 na robo ipo: kuishusha gia boksi nyuma kwa kuweka washa nene kwenye mauntingi yake, iiname 5 badala ya 4, kisha kuilinganisha difu upya. Lakini hapo injini inaegemea, feni inasogea, bomba la ekzosi linabana, na lazima uyafuate yote. Mwenye gari alipiga hesabu ya safari zake za Mikumi na magunia yake, akasema ataishi na 90.